Picha ni ya nani? Karatasi ya ekipi yetu mu Ruashi

Siku moja muzee mumoja wa Ruashi alitupigia simu. Alikuwa amejiona ku simu ya mjukuu wake, anaongea mu video ya watu hatuwajue. Maneno yalikuwa yake, kiti kilikuwa cha nyumba yake, lakini mwishoni hapakuwa jina la mutu ata mumoja wa ekipi yetu. Alituuliza swali moja tu: «Bana yangu, mulituuza?»

Hatukuwa tumemuuza. Tulikuwa watano wa sendika, tukienda kila siku ya mungu kwa bazee waliotoka Gécamines mu mwaka wa 2003, wakati wa ile Departi Volonteri iliyoondoa kazini watu zaidi ya 10.000. Tulitaka watoto wajue ile hadithi kwa midomo ya wenyewe. Kamera ilikuwa ya mumoja wetu, na karte zote zilibakiaka kwake. Mugeni alifika, akapenda picha, akalipa, akaenda nazo. Mwenye kamera alituambia bila haya: kamera ni yangu, basi picha ni yangu. Sisi wengine hatukuwa na karatasi ya kumjibu.

Tulikosana myezi mingi. Kiisha tukakaa, tukaandika karatasi moja ya kurasa mbili kabla ya kuanza filamu ya pili. Tunaiandika hapa juu tunaona vijana wengi wa kwetu wanafilmu bure, na wanaanzaka pale pale tulipoanzia sisi.

Kwanza, majina. Tulidhani jina ni jambo la mwisho, la kuweka mu jeneriki filamu ikiisha. Njo kosa. Siku ya mwisho kila mutu anakumbuka kazi yake tu. Sasa tunaandika siku ya kwanza: nani anashika kamera, nani anashika sauti, nani anauliza maswali, nani anatafsiri Kibemba, nani anafanya montaji. Kila mutu anaandika jina lake kwa mukono wake, vile anataka lisomwe. Mwenye kuacha katikati, jina lake linabakia kwa zile siku alizotumika. Tena tuliandika kama majina yanakwenda fasi mbili: mu filamu yenyewe, na mu maneno ya chini ya video pale inawekwa ku YouTube ao Facebook, juu watu wanakataka kipande na jeneriki inapotea.

Lakini kwa mutu wa mungoti, jina linaweza pia kuleta shida. Mumoja wetu angali kazini, na hakutaka shefu wake amuone mu filamu ya sendika. Kwa hiyo karatasi inampa kila mutu ruhusa ya kusema: jina langu lisionekane. Lile jina linaandikwa mu orodha ingine, yenye kufungwa mu bahasha kwa sekretere. Kama siku moja anataka kutoka, kazi yake inajulikana.

Pili, siku za bure. Kujitolea si kutumika bila hesabu. Kamarade, kule kazini hatukubali posti bila pwentaji. Mbona ku filamu tukubali? Tulinunua kaye. Kila siku ya kufilmu tunaandika tarehe, nani alikuja, saa ya kuanza na saa ya kuisha. Tuliweka mpaka: siku sita kwa kila mutu, kutoka saa mbili ya asubuyi mpaka saa tisa. Mwenye kutoka posti ya usiku haitwi asubuyi yake. Tuliona mutu anasinzia na sauti inakatika bila yeye kujua, na muzee hawezi kulia mara mbili kwa ajili yetu. Zaidi ya siku sita, tunakaa tena na kila mutu anakubali upya ao anaacha.

Kazi ni ya bure, lakini feza ya njia, bukari ya saa sita na initi za simu hazitoki mu mufuko wa mwenye kujitolea. Na tuliandika pia pale ubenevola unaishia. Kode ya Kazi ya 2002 inaita mukataba wa kazi pale mutu anatumika chini ya amri ya mwingine kwa malipo. Basi kama kampuni ao shirika linaleta feza na linaanza kutupangia siku na saa, hatuko tena benevola. Njo pale tunaomba mukataba wa kazi.

Tatu, picha zenyewe. Hapa njo palipotuumiza. Kuwa na kamera si kuwa na filamu, sawa vile mwenye kukukopesha jembe hachukue shamba lako. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986, nambari 86-033, inamulinda mwenye kutunga kazi. Lakini watu watano wakitunga pamoja bila karatasi, kila mumoja anasema ni yake, na mugeni anamutafuta yule aliye mwepesi.

Tulitenganisha bintu viwili: filamu iliyoisha, na picha mbichi, zile zote zilizobakia mu karte. Zote mbili ni za ekipi nzima. Mwenye kamera analipwa kwa kamera yake, kiasi kilichoandikwa, basi. Jioni ya siku ile ile picha zinakopiwa mu disiki mbili, moja ku biro ya sendika, ingine ku nyumba ya mutu asiyekuwa mwenye kamera. Karte haifutwi mpaka watu wawili wameona disiki zote mbili zinafunguka. Kumupa mutu wa inje ata dakika moja, kunaomba saini za watatu kati ya watano.

Na feza ikiingia? Tuliandika mufano ndani ya karatasi ili mutu asibishane. Televizyo inalipa dolari 400. Kwanza tunarudisha matumizi ya mu kaye, tuseme 100. Zinabakia 300. Nusu, 150, inabakia kwa disiki na filamu ya kufuata. Nusu ingine inagawanywa kwa siku. Kaye inaonyesha siku 25: watatu walitumika siku sita, mumoja tano, mumoja mbili. Kila siku ni dolari 6. Wa siku sita anapata 36, wa tano 30, wa mbili 12. Hakuna wa kusema alisahauliwa, juu kaye inasema.

Inabakia muzee. Yeye si wa ekipi, na saini zetu hazimufungi. Ana karatasi yake mwenyewe, tunamusomea kwa Kiswahili mbele ya mutoto wake: tutaonyesha wapi, na mupaka siku ya montaji anaweza kusema toa ile neno. Mutu wa inje akitaka picha zake, tunarudi kumuuliza.

Karatasi haikurudisha picha za kwanza. Zingali zinatembea, bila majina yetu. Tulirudi kwa ule muzee na kurasa zetu mbili, tukamusomea zote. Alisikiliza mupaka mwisho, akauliza mbona hatukuileta siku ya kwanza. Kiisha akatuonyesha kile kiti, akasema tuwashe kamera.