Onyo Lisomwe Kabla Chuma Hakijashikwa

Chukua karatasi ya maelekezo ya zoezi la kulala kwenye benchi na kusukuma chuma, zoezi ambalo wageni wengi wa jimu hulikimbilia siku ya kwanza. Mara nyingi huandikwa hivi: lala chali, shika chuma, kishushe hadi kifuani, kisukume juu, rudia mara 10. Chini kabisa, kwa herufi nene, kuna neno “Tahadhari” na mlolongo wake: usinyanyue uzito uliozidi uwezo wako, tumia mbinu sahihi, usifanye peke yako. Yote hayo ni kweli, ila yamewekwa pasipo pake. Anayefuata karatasi hatua kwa hatua, atakapofika kwenye “peke yako” atakuwa ameshalala, chuma kiko juu ya shingo yake na mikono yote miwili imeshikwa na kazi. Ninachodai ni kwamba onyo ni hatua ya zoezi kama hatua nyingine yoyote, na nafasi yake ni kabla ya tendo linaloleta hatari. Likiachwa mwishoni, linamlinda mwandishi zaidi kuliko linavyomlinda msomaji.

Zoezi hili linafaa kuwa mfano kwa sababu aliyelala chini ya chuma hawezi kusoma. Anachoweza kutumia ni kile tu alichokibeba kichwani alipokuwa bado amesimama, na kichwa hakibebi mengi kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mtafiti Nelson Cowan alikusanya ushahidi wa majaribio mengi ya kumbukumbu na kuonyesha kwamba mtu mzima hushikilia akilini mambo manne hivi kwa pamoja, wala si kumi na mawili. Kwa hiyo karatasi igawanywe sehemu mbili: mambo ya kufanya ukiwa umesimama, ambayo yanaweza kuwa mengi kwa kuwa msomaji ana karatasi mkononi, na mambo ya kukumbuka ukiwa umelala, ambayo yasizidi manne.

Sehemu ya kusimama ndiyo inayobeba karibu usalama wote. Ianze na uzito. Ukiandika “anza na kilo 20”, mgeni atavika visahani vyenye jumla ya kilo 20 kwenye chuma, asijue kwamba chuma kirefu cha kawaida kina kilo 20 zake kabla ya kuvikwa chochote. Atajikuta chini ya kilo 40. Andika hivi: “Anza na chuma kitupu. Chenyewe kina kilo 20. Kikikushinda, omba chuma chepesi au tumia dambeli.” Kisha lifuate swali la nani au nini kitakachopokea chuma ukishindwa: “Kabla hujalala, hakikisha kuna mtu amesimama nyuma ya kichwa chako, au weka vyuma vya kinga vya pembeni.” Hapa karatasi nyingi huishia, na hapa ndipo panapodai maelezo zaidi, kwa kuwa vyuma vya kinga vilivyowekwa kwa urefu usiofaa havikingi kitu. Mwelekeze msomaji apime: alale, avimbishe kifua, na msaidizi amshushie chuma kitupu taratibu hadi kiguse kifua. Kinga ziwe chini kidogo ya hapo, lakini juu kuliko shingo yake. Zikiwa hivyo, akishindwa atatoa pumzi na kushusha kifua, na chuma kitakaa juu ya kinga badala ya kumkalia yeye. Asiye na msaidizi wala kinga aambiwe wazi kwamba leo zoezi hili si lake, atumie dambeli, ambazo zinaweza kushushwa pembeni.

Sehemu ya kulala iwe na maneno machache ya kufanya, na yasiwe makatazo. “Usishike vibaya” haimwambii mtu ashike vipi, lakini “kidole gumba kizunguke chuma” inamwambia, na inazuia chuma kuteleza kutoka kiganjani. Mengine matatu ni haya: macho yawe chini ya chuma kabla ya kukitoa kwenye stendi, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na chuma kiguse kifua usawa wa chuchu ndipo kirudi juu. Lugha yetu ina mtego mmoja hapa. “Mkono” ni kiganja na pia ni kiungo chote hadi begani, na “mguu” vivyo hivyo. Ukiandika “panua mikono”, mmoja atatanua viganja kwenye chuma na mwingine atafungua viwiko hadi vilingane na mabega, mkao unaoyabana mabega. Taja kiganja, kiwiko, unyayo.

Inasaidia pia kumwelekeza msomaji kwenye chuma kuliko kwenye misuli yake. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu waliojifunza kuyumbisha jukwaa la magurudumu linaloiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa waweke mawazo kwenye magurudumu walijifunza vizuri zaidi kuliko walioambiwa waifikirie miguu yao. Jukwaa si benchi, nakubali, na anayejenga misuli anaweza kuwa na sababu ya kuufikiria msuli wake. Lakini kwa anayeanza, “sukuma chuma kielekee dari” ni rahisi kutii kuliko “kaza misuli ya kifua”, misuli ambayo pengine hajawahi kuihisi.

Wapo watakaosema kwamba kueleza namna ya kushindwa kunamtisha mgeni. Naona kinyume chake: hofu huja pale chuma kinapokwama na mtu hana la kufanya. Mpe alama anayoweza kuiona kabla ya kukwama: “Chuma kikipanda polepole kuliko mara iliyotangulia, kirudishe kwenye stendi, seti imekwisha.” Hiyo ni bora kuliko “usizidishe uwezo wako”, kwa sababu mgeni bado hajaujua uwezo wake, lakini mwendo wa chuma anauona. Ongeza sentensi moja ya kuita: “Kikikwama, sema ‘Shika!’ kwa sauti, na usikiachie hata baada ya msaidizi kukishika.” Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au maumivu makali ya bega yaandikwe juu kabisa ya karatasi kama sababu za kuacha zoezi, kwani hayasubiri hatua yoyote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu wa mazoezi yupo, karatasi ya nini basi? Kweli, karatasi haioni kiwiko kilichopinda, na hakuna sentensi itakayochukua nafasi ya jicho la mwalimu. Lakini mwalimu mmoja huhudumia watu wengi kwa saa moja, na anachokisema mara moja husahaulika kabla ya ziara ya pili. Karatasi ni ya ziara hiyo ya pili. Kama uongozi wa jimu unataka pia aya ya kujikinga kisheria, iwekwe nyuma ya karatasi, mradi isihesabiwe kuwa ndiyo maelekezo ya usalama.

Kabla ya kuichapisha, mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kugusa chuma, umpe na ufito wa fagio badala ya chuma, kisha unyamaze. Atakapokuangalia akisubiri umwambie la kufanya, weka alama kwenye mstari huo. Andika upya mistari yenye alama, halafu mtafute mtu mwingine, kwa maana yule wa kwanza ameshajifunza.