Daftari la Mnunuzi wa Hisa

Kabla ya kununua hisa, andika tarehe, bei, idadi, sababu, na bei utakayouzia ukiona umekosea. Ukinunua hisa 1,000 kwa shilingi 400 na kupanga kutoka kwa 380, umehatarisha shilingi 20,000. Ukiuza kwa 440, faida kabla ya ada za dalali ni 40,000. Andika +2, yaani mara mbili ya ulichohatarisha.

Mwisho wa mwezi jumlisha alama hizo. Faida 8 za +2 na hasara 12 za -1 huacha +4. Hasara zilezile zikiwa -1.5 kila moja, unabaki na -2. Mara nyingi hapo tatizo ni kuchelewa kutoka, si uchaguzi wa hisa. Linganisha bei uliyopanga na uliyouzia.