Pipeti Isiguse Mdomo: Mpango wa Somo Salama la Kemia kwa Kidato cha Tatu

Mwanafunzi akirudi nyumbani akilalamika kwamba ulimi unawasha baada ya kipindi cha kemia, mzazi asiichukulie kuwa kisingizio cha kukwepa chakula. Katika maabara nyingi bado kuna mazoea ya kufyonza pipeti kwa mdomo, kama mtu anavyokunywa soda kwa mrija. Kinachofyonzwa ni mchanganyiko wa maji na NaOH, ile kostiki soda inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni.

Jaribio lenyewe huitwa titresheni. Mwanafunzi hupima mililita 25 za NaOH kwa pipeti na kuzitia kwenye chupa yenye kitako kipana na shingo nyembamba. Huongeza matone mawili ya kiashiria cha fenolfthalini, na kioevu hugeuka waridi. Kisha hufungulia asidi ya HCl kutoka kwenye bureti, kidogo kidogo, hadi waridi ifutike. Kiasi cha asidi kilichotumika ndicho kinachomwezesha kukokotoa nguvu yake.

Hatari ya mdomo inatokana na namna vyombo hivyo viwili vilivyogawanyiwa kazi. Bureti ya kioo ina kibomba ambacho hukwama kikikaa na kostiki soda kwa muda, kwa hiyo shule nyingi hutia asidi kwenye bureti na kostiki soda kwenye pipeti. Matokeo yake ni kwamba chombo kinachoelekezwa mdomoni ndicho chenye kostiki soda. Mwanafunzi anapofyonza huku jicho likitazama alama iliyo juu, ncha ya chini huinuka bila yeye kujua na kutoka kwenye kioevu. Hewa huingia ghafla, na kioevu kilichokuwa kikipanda polepole huruka hadi kooni. Aliye karibu huweza kuona viputo ndani ya pipeti, lakini wakati huo umeshachelewa.

Dawa yake ni kipira cha kufyonzea kinachovalishwa juu ya pipeti. Shule isiyo na vipira vya kutosha inaweza kutumia bomba la sindano la plastiki la mililita 50, bila ncha ya chuma, likiunganishwa na pipeti kwa kipande kifupi cha mpira. Bomba la mililita 20 halifai kwa pipeti ya 25, kwa kuwa mvuto mmoja hautoshi kuijaza. Mwanafunzi hufyonza hadi kioevu kipite alama kidogo, huondoa mpira, huziba tundu la juu kwa kidole cha shahada na kuachia taratibu hadi kioevu kishuke kwenye alama. Anapovalisha mpira huo ashike pipeti karibu kabisa na ncha ya juu. Anayeishika katikati na kusukuma huivunja, na kioo humkata kiganja. Jeraha hili ni la kawaida na halihusiani na kemikali yoyote.

Sehemu nyingine ya usalama hukamilika siku moja kabla, wakati darasa halina mtu. Tuseme darasa lina wanafunzi 48 wanaofanya kazi wawili wawili. Hizo ni jozi 24, na kila jozi itahitaji takriban mililita 150 za kila kioevu pamoja na za kusuuzia vyombo. Lita 4 za kila kimoja zitatosha. Kwa NaOH yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, mwalimu au msimamizi wa maabara hupima gramu 16 za chembe zake. Huzitia chache chache ndani ya maji baridi, akikoroga, kwa kuwa zinapoyeyuka hutoa joto kali. Maji hayamwagwi juu ya chembe. Sufuria ya alumini haitumiki hata kwa dharura, kwani kostiki soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto.

Asidi kali ya dukani hutoa mvuke unaokaba, hivyo hupimwa madirisha yakiwa wazi, mtu akiwa amevaa miwani ya kinga, glavu na koti. Mililita 34 zake huongezwa kwenye maji mengi, kisha maji hujazwa hadi lita 4. Hapo pia asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Wanafunzi hawaioni chupa ya asidi kali. Hurudishwa kabatini na kufungiwa.

Vioevu vilivyokwisha kuchanganywa huwekwa kwenye chupa za plastiki zenye lebo ya jina, ukolezi na tarehe. Chupa za soda na za maji ya kunywa hazitumiki hata kama zimebandikwa karatasi. Lebo hulowa na kubanduka, na NaOH haina rangi wala harufu ya kumzuia mwenye kiu.

Kabla ya kuondoka, mwalimu hufanya titresheni moja mwenyewe. Akipata kati ya mililita 24 na 26, vioevu viko sawa. Akimaliza bureti nzima na waridi bado ipo, huenda kostiki soda imetengenezwa kwa nguvu mara kumi, kosa la desimali moja tu, na lingemfikia mtoto machoni.

Kwa kila jozi huandaliwa bureti moja ya mililita 50 na stendi yake, pipeti moja ya mililita 25 na kipira chake, chupa tatu za kufanyia jaribio, faneli ndogo, kigae cheupe cha kuweka chini ya chupa ili rangi ionekane, bika mbili zenye lebo, na miwani ya kinga miwili. Chombo cha fenolfthalini chenye kidondoshi kinaweza kutumiwa na jozi nne. Darasa zima linahitaji pia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ndoo, ufagio na kizoleo cha vioo vilivyovunjika. Pasipo bomba la maji, mtungi wa lita 20 wenye kibomba huwekwa juu ya meza karibu na mlango, ukiwa na maji safi, kwa ajili ya macho tu. Kama bureti ni 12, darasa ligawanywe zamu mbili. Wanafunzi wanne wakibanana kwenye bureti moja, wawili huishia kucheza.

Kipindi maradufu ni dakika 80. Dakika 10 za kwanza mwalimu huonyesha jinsi ya kutumia kipira na jinsi ya kujaza bureti, na hakuna anayegusa kitu. Dakika 10 zinazofuata ni za kuvaa miwani, kufunga nywele ndefu, kusogeza mikoba chini ya meza na kuchukua vyombo. Kazi yenyewe hupewa dakika 40, hesabu 10, na usafi 10. Moto hauwashwi kabisa katika kipindi hiki, kwa kuwa fenolfthalini imeyeyushwa kwenye spiriti.

Ujazaji wa bureti unastahili jicho la mwalimu kuliko hatua nyingine yoyote. Stendi ikiwa juu ya meza, mdomo wa bureti huwa juu ya kichwa cha mwanafunzi wa kimo cha kawaida. Akipandisha bika na kumimina, tone likikosea njia linashukia usoni. Na wengine hupanda juu ya stuli, jambo ambalo ni baya zaidi. Stendi ishushwe sakafuni au kwenye stuli, faneli iwe chini ya usawa wa macho, kisha irudishwe mezani. Faneli huondolewa kabla ya kusoma, la sivyo tone lililobaki ndani yake litashuka baadaye na kuharibu kipimo.

Asidi na kostiki soda za ukolezi huu hazichomi ngozi papo hapo, na zikimwagika mkononi huoshwa kwa maji mengi. Jicho ni suala jingine. Likiingiwa, mwanafunzi hapaswi kulisugua. Lifunguliwe na kumiminiwa maji kwa dakika 20 kwa saa, huku mwenzake akimshika, kisha apelekwe hospitali. Kutia siki au maji ya limau ili "kuua" kostiki soda ni kuongeza jeraha. Aliyeingiwa mdomoni ateme na kusukutua mara nyingi, na asilazimishwe kutapika. Kama amemeza, apelekwe hospitali.

Kila mwanafunzi hujaza karatasi yake, hata kama wamefanya kazi wawili. Mfano uliojazwa ni huu:

KARATASI YA MATOKEO
Jina: ________ Kidato: ________ Tarehe: ________
Miwani imevaliwa: Ndiyo. Kipira kimetumika: Ndiyo.
Ujazo wa pipeti: mililita 25.0
Ukolezi wa NaOH: moli 0.1 kwa lita

| | I | II | III |
|---|---|---|---|
| Kipimo cha mwisho (mililita) | 25.3 | 24.6 | 24.7 |
| Kipimo cha mwanzo (mililita) | 0.0 | 0.0 | 0.2 |
| Asidi iliyotumika (mililita) | 25.3 | 24.6 | 24.5 |

Wastani uliotumika: 24.55, kutokana na II na III
Kilichomwagika, kuvunjika au kumgusa mtu: ________

Jaribio la I limeachwa kwa sababu. Waridi ikishafutika, asidi ya ziada haionyeshi rangi yoyote, hivyo mwanafunzi aliyefungua kibomba kwa haraka hawezi kujua amepita kwa kiasi gani. Safari mbili zilizofuata alipunguza mwendo alipofika 23, akaenda tone kwa tone, na majibu yakakaribiana. Kuliacha la kwanza likiwa limeandikwa ni sahihi; kulifuta na kubuni 24.6 nyingine ni udanganyifu unaojulikana sana na watahini.

Hesabu huanzia kwenye kostiki soda. Moli 0.1 kwa lita katika mililita 25 ni moli 0.0025. Kwa kuwa HCl na NaOH huungana moja kwa moja, mililita 24.55 za asidi zilikuwa na moli 0.0025 vilevile. Zigawanywe kwa 24.55 na kuzidishwa kwa 1000, ukolezi wa asidi ni moli 0.102 kwa lita.

Juu ya karatasi huwa na onyo moja: anayepita mililita 30 bila rangi kubadilika afunge kibomba na kumwita mwalimu. Huenda amechukua bika isiyo yake, au chupa imepewa lebo ya nyingine, na jozi zote husimama hadi ijulikane.

Kilichobaki kwenye chupa baada ya jaribio ni maji ya chumvi yenye asidi kidogo au rangi hafifu, na humwagwa kwenye sinki pamoja na maji mengi. Bureti husuuzwa na kugeuzwa kichwa chini kwenye stendi, kibomba kikiwa wazi. Vioo vilivyovunjika huzolewa kwa ufagio. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya mtu yeyote kwenda kwenye chakula cha mchana, naye mwalimu hukusanya karatasi na kusoma ule mstari wa chini kwanza.