Umeumwa na mbwa? Osha jeraha kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo

Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mbwa mgonjwa na huingia mwilini kupitia jeraha. Kutoka hapo husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kufika kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa fupi zaidi, hasa mtu akiumwa kichwani, usoni au shingoni. Dalili kama vile kuogopa maji zikishaanza, ugonjwa huu hauna tiba na karibu kila mgonjwa hufariki. Kwa hivyo kupona kwa kidonda si ishara ya usalama.

Tuseme mtoto ameumwa mkononi na mbwa wa jirani Jumatatu asubuhi. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna mfereji, mtu mwingine amimine maji kutoka kwa jagi. Sabuni huua virusi, na maji huviondoa. Ukiwa na spiriti au ayodini, paka baada ya kuosha. Usitie pilipili, mafuta ya taa, majivu wala mitishamba, na usifunge kwa kubana.

Kuosha hupunguza hatari lakini hakuiondoi. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa kituo kilicho karibu hakina chanjo, uliza mara moja ni wapi inapatikana. Kwa ratiba ya sindano tano, atadungwa Jumatatu hiyo, Alhamisi, Jumatatu inayofuata, kisha siku ya 14 na ya 28. Kwa jeraha linalotoa damu, huhitajika pia dawa ya kingamwili inayodungwa ndani na kando ya jeraha, kwa kuwa chanjo huchukua siku kadhaa kuanza kufanya kazi. Muulize mhudumu kuhusu dawa hiyo, na pia kuhusu sindano ya pepopunda. Fuata tarehe zilizoandikwa kwenye kadi yako hadi mwisho.

Usingoje kuona mbwa atakuwaje ndipo uanze chanjo. Mbwa wa jirani afungwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10, na afisa wa mifugo wa wadi apewe habari. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi katika mate alipouma, na mhudumu anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akifa, akitoweka, au akianza kutokwa na mate mengi, kuyumba na kuuma ovyo, mjulishe afisa huyo na hospitali bila kukawia. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Watoto wengi huficha mikwaruzo midogo wakihofia kugombezwa. Mwambie mwanao kwamba hata mkwaruzo wa jino la mbwa ni lazima akuonyeshe.