Barua ya Ajira kutoka Uingereza: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuuza Shamba

Hapa Ifakara tumebahatika kuwa na Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko pamoja na vyuo vinavyofundisha fani za afya. Ndiyo maana katika familia nyingi za Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, hukosi kijana mwenye cheti cha uuguzi anayetafuta kazi, na mara kwa mara simu yake hupokea tangazo la ajira ya Uingereza. Matangazo hayo hayako sawa. Nafasi halali za wauguzi zipo, na barua za uongo zipo pia. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuzitofautisha, tukijikita katika kazi za afya za Uingereza peke yake, kwa kuwa kila nchi ina taratibu zake.

Tuchukue mfano. Muuguzi mwenye stashahada anapokea barua kwa WhatsApp mwishoni mwa mwaka 2025. Barua ina nembo ya nyumba ya kutunzia wazee katika mji mmoja wa England, ina muhuri na sahihi. Inasema amechaguliwa kuwa mhudumu wa matunzo, viza itatoka baada ya wiki tatu, na hahitaji mtihani wowote. Kinachotakiwa ni shilingi milioni sita, alizoambiwa ni gharama ya cheti cha udhamini, zitumwe kwa simu kwa wakala aliyeko Dar es Salaam. Baba yake yuko tayari kuuza nusu ya shamba la mpunga. Je, barua hii ni ya kweli?

Jambo la kwanza la kuelewa ni maana ya udhamini wenyewe. Mwajiri wa Uingereza hawezi kumleta mfanyakazi kutoka Tanzania kwa kumwandikia barua tu. Ni lazima kwanza awe na leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo. Orodha ya wenye leseni ni ya wazi na haina malipo. Inapatikana katika tovuti ya serikali, gov.uk, kwa jina la "Register of licensed sponsors: workers", nayo huonyesha jina la mwajiri, mji wake, daraja la leseni na aina ya viza anayoruhusiwa kuidhamini. Basi kijana wetu atafute jina lililoandikwa kwenye barua, herufi kwa herufi, pamoja na mji. Jina lisipokuwemo, shauri limekwisha.

Lakini jina likiwemo, shauri bado halijakwisha, na hapa ndipo wengi huteleza. Matapeli hawabuni majina. Huazima majina ya taasisi za kweli. Orodha inathibitisha kwamba mwajiri yupo na ana leseni, haithibitishi kwamba ndiye aliyeandika barua uliyoishika. Kwa hiyo usipige namba iliyo kwenye barua. Tafuta mwenyewe tovuti ya mwajiri. Kama ni nyumba ya wazee iliyoko England, itafute katika daftari la tume inayosimamia huduma za matunzo, kwenye cqc.org.uk, kwa kuwa kila nyumba ya namna hiyo hulazimika kusajiliwa huko. Kisha uandikie anwani uliyoipata kwa njia hiyo, ukiuliza kama kweli walikupa nafasi. Tazama pia anwani ya barua pepe iliyotumika: hospitali za umma za England hutumia anwani zinazoishia na nhs.uk au nhs.net, na nafasi zao hutangazwa katika jobs.nhs.uk. Ofisi ya ajira ya hospitali inayoandika kwa anwani ya gmail.com ni dalili mbaya.

Tukirudi kwenye mfano wetu, barua ile ina kasoro iliyo wazi hata kabla ya kumtafuta mwajiri. Tangu tarehe 22 Julai 2025, Uingereza ilifunga mlango wa kuwaajiri wahudumu wa matunzo wapya kutoka nje ya nchi. Wauguzi waliosajiliwa bado wanaweza kudhaminiwa, ila mhudumu wa matunzo anayeomba akiwa Tanzania hawezi tena. Barua inayoahidi kazi hiyo baada ya tarehe hiyo inaahidi viza isiyotolewa, hata kama mwajiri aliyetajwa ana leseni halali.

Kasoro ya pili ni malipo. Kile kinachoitwa cheti cha udhamini si karatasi yenye muhuri. Ni kumbukumbu ya kielektroniki ambayo mwajiri huiandaa katika mfumo wa serikali, na mfanyakazi hupewa namba yake ili aijaze katika ombi la viza ndani ya miezi mitatu. Gharama ya kumbukumbu hiyo ni ya mwajiri. Kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2024, mwajiri haruhusiwi kumtwika mfanyakazi gharama hiyo wala gharama ya leseni yake ya udhamini. Kwa hiyo anayekuuzia "cheti cha udhamini" anavunja kanuni hata akiwa mwajiri wa kweli. Ada ya viza ni jambo jingine. Hiyo mwombaji huilipa mwenyewe katika tovuti ya gov.uk, wala haipiti mkononi mwa mtu.

Kasoro ya tatu ni ile ahadi kwamba hakuna mtihani. Kwa muuguzi, kutambuliwa kwa elimu ndiko njia yenyewe, na haina mkato. Msimamizi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, linalojulikana kwa herufi NMC, na maombi hufanywa katika tovuti ya nmc.org.uk. Baraza hilo hutaka mafunzo ya uuguzi wa daraja la kwanza, yaani ya muuguzi aliyesajiliwa kamili kwa huduma za jumla. Kwa hiyo mwenye astashahada tu asitegemee kupita. Hutaka pia uthibitisho wa usajili wa mwombaji kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, nao hutumwa moja kwa moja kutoka baraza hadi baraza. Nakala uliyoigonga muhuri mwenyewe haitoshi.

Kisha inafuata lugha. Katika mtihani wa IELTS, muuguzi hutakiwa kupata alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Baadaye kuna mtihani wa kompyuta wenye sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya maarifa ya uuguzi, na mwisho mtihani wa vitendo unaofanyika Uingereza. Kwa viwango vya mwaka 2025, tathmini ya sifa ililipiwa pauni 140, mtihani wa kompyuta pauni 83, na ule wa vitendo pauni 794. Waajiri wengi hugharimia ule wa vitendo, ndiyo maana ni vema jambo hilo lionekane katika mkataba. Muuguzi anaweza kupewa viza kabla ya mtihani wa vitendo, lakini baada ya kuanza kazi ana miezi minane tu ya kuufaulu na kusajiliwa.

Wapo wanaojitolea "kukufanyia" mtihani wa kompyuta kwa malipo. Yaliyotokea Nigeria yatufundishe. Mwaka 2023 NMC iligundua kwamba katika kituo kimoja cha mtihani mjini Ibadan, watahiniwa wengi walimaliza kwa muda mfupi usio wa kawaida. Matokeo ya kituo hicho hayakutegemewa tena, waliofanyia hapo walitakiwa kurudia, na hata waliokuwa tayari kazini Uingereza walijikuta katika uchunguzi.

Limebaki suala la wakala. Hapa kuna kanuni ambayo watu wachache huijua. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55, iliyotolewa mwaka 2023, zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa kanuni za serikali ya Uingereza, waajiri wa afya na mawakala wao hawapaswi kuja kuwatafuta wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi wa Ifakara anaruhusiwa kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, na kuajiriwa. Lakini mtu anayeita mkutano ukumbini na kusema ametumwa na hospitali za Uingereza kukusanya wauguzi wa Kilombero anafanya jambo ambalo hospitali hizo zimekatazwa. Tena, kwa upande wa nchi yetu, wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999. Mwombe namba ya leseni, kisha uiulizie kwa wizara yenye dhamana ya kazi.

Tusifiche kwamba hata ukaguzi huu una mipaka. Mwajiri anaweza kuwa na leseni leo na kunyang'anywa kesho. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta ya matunzo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 waliguswa. Wengi wao walikuwa wamelipa fedha nyingi, wakafika, wakakuta kazi haipo au saa za kazi ni chache. Leseni ikifutwa, mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Ndiyo sababu hatushauri kuanza safari kwa deni linalohitaji mshahara wa mwaka mzima kulilipa, hata pale kila kitu kinapoonekana halali. Shamba lililouzwa halirudi katika siku 60.

Kwa hiyo kijana wa mfano wetu hapaswi kutuma zile shilingi milioni sita. Afungue akaunti ya NMC kwa jina lake, aanze na mtihani wa lugha ambao matokeo yake hudumu kwa miaka miwili, kisha aombe nafasi ya uuguzi mwenyewe. Njia hii ni ya miezi mingi, wala si ya wiki tatu, na kila malipo yake huenda kwa taasisi inayojulikana na kuacha risiti.

Jambo moja la mwisho kwa wazazi na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Vijana hufika parokiani kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya safari. Barua ya paroko humshuhudia muumini tu, haimshuhudii mwajiri. Anayekuja kuiomba aje pia na barua ya ajira, ili tuisome pamoja na kulitafuta jina hilo katika orodha kabla fedha hazijatoka.