Pesa za mfadhili: Jumla iko sawa, mbona nauli inakwisha Agosti?

Ukipita barabara ya Bofa hapa Kilifi, kati ya mahoteli na nyumba za wenye nazo, utaona vibao vidogo vya mashirika: mikoko, kasa, vijana, afya ya mama. Ndani ya kila ofisi ya aina hiyo kuna mtu mmoja na kompyuta yake, akihesabu pesa ambazo si zake wala si za bosi wake. Ni za mfadhili, na mfadhili ameshasema kila shilingi iende wapi.

Mwaka mmoja mtu huyo alikuwa mimi. Nimeacha chuo mwaka wa pili, cheti cha uhasibu sina, lakini Excel naijua. Shirika dogo la mikoko lilinichukua kuingiza risiti, jina lake naliacha. Namba nitakazokupa nimezifanya za duara ili uzifuate bila kikokotoo, ila kilichotokea ndicho hiki.

Tulikuwa na wafadhili wawili. Tuwaite A na B. A alitoa Sh3,600,000 za mwaka mmoja, Januari hadi Desemba, zikiwa zimegawanywa katika mistari mitano ya bajeti: mishahara Sh1,440,000, nauli za kwenda vijijini Sh600,000, mafunzo ya vijana Sh960,000, vitalu vya miche Sh360,000 na ofisi Sh240,000.

Juni ikaisha. Mkurugenzi wetu, mama mmoja mpole tuliyemwita Mama tu, akaniuliza tumetumia ngapi. Nikajumlisha: Sh1,764,000.

"Hiyo ni asilimia 49," akasema. "Na mwaka uko nusu. Basi tuko sawa, mwanangu."

Kweli, ukigawanya hiyo jumla kwa miezi sita unapata Sh294,000 kwa mwezi. Hii ndiyo kasi ya matumizi, namba ambayo watu wa misaada wanaipenda sana (sisi ofisini tuliiita kasi ya kula pesa, mpaka mgeni mmoja akashtuka). Zilizobaki ni Sh1,836,000, sawa na Sh306,000 kwa kila mwezi uliosalia. Yaani ungetazama hapo tu ungefunga kompyuta uende ufuoni.

Sasa teremka mstari kwa mstari. Mishahara Sh720,000, nusu kamili. Vitalu Sh180,000, nusu. Ofisi Sh132,000, imepita kidogo. Mafunzo Sh240,000, robo tu! Na nauli? Sh492,000. Asilimia 82 imeshaliwa na bado miezi sita.

Umeona kilichotokea? Mafunzo yalichelewa kwa sababu ya mvua ya masika, na nauli ikapaa. Moja ikafunika nyingine na jumla ikatoka safi. Hesabu ya nauli peke yake ni hii: Sh82,000 kila mwezi, zimebaki Sh108,000. Hata miezi miwili hazifiki. Kabla ya Agosti kufika katikati hakuna boda, hakuna matatu ya kwenda Mida.

Ndiyo maana jedwali la kufuatilia ruzuku halianzi na jumla. Linaanza na karatasi moja ya matumizi, kila malipo na mstari wake: tarehe, maelezo, mfadhili, mstari wa bajeti, kiasi. Karatasi ya pili ni bajeti: safu ya A mfadhili, B mstari, C kiasi kilichoidhinishwa. Safu ya D inajijaza yenyewe kutoka karatasi ya kwanza:

```
=SUMIFS(Matumizi!E:E, Matumizi!C:C, A2, Matumizi!D:D, B2)
```

Fomula hiyo inasema: jumlisha kiasi chote ambacho mfadhili ni huyu na mstari ni huu. Kisha, kama miezi sita imepita, hii inakwambia pesa za mstari huo zitadumu miezi mingapi kwa kasi ya sasa:

```
=(C2-D2)/(D2/6)
```

Kwa nauli zetu ilitoa 1.3. Kwa mafunzo ilitoa 18, na mwaka ulikuwa umebaki miezi sita tu. Zote mbili ni shida. Pesa zinazobaki bila kutumika nazo humfanya mfadhili aulize kama kweli kazi inafanyika, na mara nyingi mkataba unataka zirudishwe.

Halafu kuna mtego mmoja wa kijinga ulionila siku nzima. Mtu akiandika "Nauli" na kuacha nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho, kwa macho huoni tofauti, lakini fomula inaona neno jingine na kuliruka. Pesa zimetoka benki, kwenye jedwali hazipo. Unajuaje? Jumla ya safu ya D lazima ilingane na jumla ya karatasi yote ya matumizi, na hiyo nayo ilingane na taarifa ya benki pamoja na ya M-Pesa. Zisipolingana usiendelee. Baadaye niliweka orodha ya kuchagua kwenye kila kisanduku cha mstari, watu wakaacha kuandika kwa mkono.

Turudi kwa nauli. Mama aliposikia neno Agosti alitaka kumwandikia mfadhili siku hiyo hiyo aombe kuongezewa. Nikamwomba anipe siku mbili nipitie risiti kwanza, kwa sababu namba ikipaa hivyo huwa kuna mawili: ama kweli mmetumia, ama mmeandika mahali pasipo pake.

Ilikuwa vyote viwili. Ndani ya zile Sh492,000 kulikuwa na Sh150,000 tulizowapa vijana kama nauli ya kuja kwenye mafunzo Machi. Aliyeingiza (sawa, ni mimi) aliona neno nauli akazitupa kwenye mstari wa nauli. Lakini maelezo ya bajeti yalisema wazi kwamba mstari wa mafunzo unabeba ukumbi, chakula na nauli za washiriki. Mstari wa nauli ulikuwa wa wafanyakazi tu. Kwa hiyo usisome jina la mstari ukadhani umeelewa, soma na maelezo yaliyo chini yake.

Baada ya kuzihamisha, nauli ikashuka hadi Sh342,000 na mafunzo yakapanda hadi Sh390,000. Jumla haikutikisika hata senti. Kasi ya nauli sasa ni Sh57,000 kwa mwezi na zimebaki Sh258,000, kwa hiyo zitakwisha katikati ya Novemba. Bado pengo lipo, lakini limepungua mpaka Sh84,000.

Ofisi nayo ilikuwa na hadithi yake. Umeme na intaneti vilipaswa kugawanywa kati ya A na B, lakini pesa za B zilichelewa kuingia, tukalipa zote kutoka kwa A. Sh12,000 zilikuwa za B. Ukizirudisha kwa B, piga muhuri kwenye risiti uonyeshe nani amelipa kiasi gani. Risiti moja ikionekana nzima kwenye ripoti za wafadhili wote wawili, mkaguzi hataiita bahati mbaya.

Pengo la Sh84,000 unalizibaje? Hapa ndipo mkataba unafunguliwa. Mikataba mingi inakuruhusu kuhamisha kiasi kidogo kati ya mistari bila kuomba, na ukizidi hapo unaandika barua. Kipimo hutofautiana. Kanuni za serikali ya Marekani zinaruhusu taasisi inayotoa ruzuku kubwa kudai idhini pale uhamisho ukipita asilimia 10 ya bajeti nzima. Wengine wanapima kwa kila mstari peke yake. Mkataba wetu na A ulikuwa wa namna hii ya pili: asilimia 10 ya mstari unaopokea. Asilimia 10 ya Sh600,000 ni Sh60,000. Hizo tungezitoa kwenye mafunzo bila kumsumbua mtu. Zilizobaki, Sh24,000, zinahitaji barua, na barua inakwenda kabla pesa hazijatumika. Ukituma baada, mfadhili ana haki ya kusema gharama hiyo haikubaliki, na shirika linalipa kutoka mfukoni. Shirika dogo la Bofa lina mfuko gani?

Kuna pesa nyingine ambazo hilo jedwali la kawaida halizioni kabisa. Juni 25 afisa wetu wa vitalu alitumiwa Sh60,000 za masurufu kwa M-Pesa. Risiti hakuleta. Kwa hiyo si matumizi bado, lakini si pesa zetu tena. Mstari wa vitalu ulionyesha zimebaki Sh180,000, kumbe za kupanga nazo ni Sh120,000. Niliongeza safu ya ahadi, ya masurufu na oda ambazo hazijalipwa, na kuanzia hapo tukawa tunatazama kilichobaki baada ya safu hiyo.

Na kama mfadhili wako analipa kwa dola, ongeza safu ya kiwango cha kubadilisha. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Kufikia Agosti mwaka huo ilikuwa karibu Sh129. Ruzuku ya dola 10,000 iliyopangwa kwa kiwango cha Januari ilipoteza zaidi ya Sh300,000 bila mtu kuiba hata sumni.

Haya yote yanaonekana kama usumbufu wa wahasibu mpaka siku bomba linapofungwa. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku nne baadaye ikatoka amri ya kusimamisha kazi zilizokuwa zikiendelea. Julai 1 mwaka huo USAID ikaacha rasmi kuendesha misaada. Weka mwenyewe kiti cha mtu wa hesabu siku ile. Unatakiwa kusema mpaka tarehe ya amri mmetumia ngapi, kwa mstari upi, na oda zipi zilikuwa zimeshatolewa. Anayefunga hesabu kila mwezi anajibu kwa siku moja. Anayengoja ripoti ya miezi sita anaanza kufukua risiti kwenye maboksi, huku mishahara imesimama.

Sisi hatukuandika ile barua. Mama aliitisha kikao, tukaunganisha safari mbili za Mida kwa mwezi zikawa moja, na zile Sh24,000 zikapatikana hapo. Boda aliyekuwa akitubeba mpaka stendi hakufurahi. Kila nikipita pale kwenye maegesho yao ananiuliza, "Mtu wa kompyuta, safari yangu umeipeleka mstari gani?"