Umechelewa Mtihani: Maneno ya Kumwambia Msimamizi Mlangoni

Mtihani wa Kidato cha Nne unapoanza saa 2:00 asubuhi, mtahiniwa ambaye hajafika bado hajapoteza nafasi yake. Kanuni ya Baraza la Mitihani la Tanzania inasema kwamba anayechelewa zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza hataruhusiwa kuingia. Maana yake ni kwamba anayefika kabla ya nusu saa hiyo kwisha bado ana mlango. Vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, navyo vinatumia kipimo hicho hicho cha dakika 30.

Katika kazi ya kusimamia mitihani nimeona watahiniwa waliofika ndani ya muda huo wakajiumiza kwa maneno yao wenyewe. Mmoja anasimulia safari yake yote tangu alfajiri, mwingine anagombana na askari wa getini, mwingine analia mpaka anashindwa kutaja namba yake. Dakika zinakwenda na wenzao wanaandika. Ndiyo maana nataka kueleza msimamizi anahitaji kusikia nini pale mlangoni, na kwa sababu gani.

Tuanze na asili ya hiyo nusu saa. Katika kanuni za vyuo ina pande mbili: asiyefika ndani ya dakika 30 haingii, na aliyekwisha kuingia hatoki kabla dakika hizo 30 hazijapita. Ukiziweka pamoja utaona kinacholindwa. Mtu aliyeyaona maswali hawezi kukutana nje na mtu ambaye bado ana nafasi ya kuingia. Siri ya karatasi inabaki chumbani. Msimamizi anayemkatalia mtahiniwa dakika ya 31 hafanyi roho mbaya. Hajui huyo aliyeko mlangoni amezungumza na nani njiani, wala hana njia ya kujua.

Hapo ndipo tunapoona mipaka ya madaraka yake. Ndani ya nusu saa, anaweza kukuingiza. Baada ya nusu saa, hana ruhusa ya kutoa. Na wakati wowote ule, hawezi kukufidia muda uliopotea kwa sababu ya kuchelewa: karatasi ya saa 3 iliyoanza saa 2:00 itakusanywa saa 5:00, kwako na kwa wote. Ombi zuri ni lile linalobaki ndani ya madaraka hayo. Ukimwomba kitu ambacho hana, unamlazimisha akujibu "hapana", na jibu hilo ni gumu kulifuta hata pale ambapo ungeweza kuruhusiwa.

Tuchukue mfano wa mtahiniwa wa kujitegemea anayekaa mbali na kituo. Daladala imeharibika njiani, akapanda bodaboda, akafika getini saa 2:15. Wa kwanza kukutana naye ni askari. Huyu analinda kituo na hana mamlaka ya kuruhusu mtu kuingia chumbani, kwa hiyo radhi ndefu kwake ni muda uliopotea. Inatosha kumwambia: "Shikamoo afande. Mimi ni mtahiniwa, nimechelewa. Naomba unielekeze kwa msimamizi mkuu." Kisha amwoneshe kitambulisho.

Kabla hajafika mlangoni, kuna jambo moja la kufanya ambalo waliochelewa husahau kuliko wengine wote, nalo ni simu. Aliyefika mapema ana muda wa kuiacha nyumbani au kuikabidhi. Aliyekuja mbio anayo mfukoni, pengine ndiyo aliyotumia kumpigia dereva. Kukutwa na simu ndani ya chumba cha mtihani huhesabiwa kuwa udanganyifu, hata kama haikutumika, na matokeo yanaweza kufutwa. Vivyo hivyo daftari alilokuwa akilisoma njiani. Aizime simu, na akifika mlangoni aitaje mwenyewe kabla hajapekuliwa.

Sasa yuko mlangoni, saa 2:17. Asibishe kwa nguvu wala asiite kwa sauti. Asimame mahali anapoonekana, asubiri msimamizi amfuate. Akifika, aseme kwa sauti ya chini:

"Shikamoo mwalimu. Naomba radhi, nimechelewa. Naitwa fulani, namba yangu ya mtihani hii hapa na kitambulisho hiki. Gari tulilopanda liliharibika njiani. Nina simu, nimeizima, naomba niikabidhi. Naomba uniruhusu niingie, nifanye kwa muda uliobaki."

Maneno hayo yanasemwa chini ya nusu dakika, na kila sehemu ina kazi yake. Salamu haiachwi hata kwa haraka. Kwetu, mdogo anayeanza kuomba bila kusalimu huonekana anaamuru, na msimamizi atajibu ule ukali kabla ya kulisikia ombi. Ila ni salamu moja tu, kisha radhi. Radhi nayo isemwe kabla ya sababu. Ukianza na gari lililoharibika, unasikika kama mtu anayejitetea. Ukianza na kuchelewa kwako, umelikubali kosa, na sababu inayofuata inapokewa kuwa maelezo.

Jina na namba ndivyo vitu msimamizi anavyovihitaji zaidi. Swali lake la kwanza moyoni ni kama huyu ni mtahiniwa wa kituo hiki kweli. Lazima alinganishe na orodha aliyonayo. Mtahiniwa anayemkabidhi namba na kitambulisho kabla ya kuulizwa amemwondolea kazi hiyo. Akikuambia "subiri hapo" huku akienda mezani, hajakukatalia. Anaitazama saa, anatafuta jina, na pengine anamuuliza msimamizi mkuu. Wengi huharibu hapa: wanadhani wamekataliwa, wanaanza kubembeleza upya kwa sauti, na chumba kizima kinageuza shingo. Nyamaza, usubiri.

Sababu iwe sentensi moja, na iwe ya kweli. Ndani ya nusu saa, ukubwa wa sababu haubadilishi sana uamuzi. Kinachoangaliwa ni saa na utambulisho wako. Aliyechelewa kuamka aseme: "Nimechelewa kuamka, naomba radhi." Kubuni msiba au ajali ni hatari isiyo na faida, kwa maana maelezo yako yanaweza kuandikwa katika taarifa ya kituo, na jambo lililoandikwa linaweza kufuatiliwa.

Maneno ya mwisho, "nifanye kwa muda uliobaki", ndiyo yanayomtuliza msimamizi kuliko yote. Anaogopa kwamba akikuingiza sasa, saa 5:00 utakataa kutoa karatasi ukidai dakika 17 zako. Ukimwambia mapema kwamba hudai, umemwondolea hofu hiyo.

Akiruhusiwa, apekuliwe bila kunung'unika, asaini mahudhurio kama anavyoelekezwa, akae. Asimuulize jirani wamefika swali la ngapi, hata kwa ishara. Neno moja na mtahiniwa mwingine linaweza kuandikwa kuwa kosa kubwa kuliko kule kuchelewa. Asome maelekezo yote ya ukurasa wa kwanza na kuandika namba yake sawasawa, kwa kuwa pupa huwafanya waliochelewa kuruka mambo hayo mawili.

Kisha apige hesabu kidogo itakayomtuliza. Karatasi nyingi za Kidato cha Nne siku hizi zina alama 100: sehemu A alama 16, sehemu B alama 54, sehemu C alama 30. Kwa dakika 180, kila alama ina dakika 1 na sekunde 48. Mtahiniwa wetu, baada ya kukaguliwa na kuketi, ameanza kuandika saa 2:20, kwa hiyo ana dakika 160. Kila alama sasa ina dakika 1 na sekunde 36. Amepungukiwa sekunde 12 tu kwa kila alama. Atumie kama dakika 25 kwa sehemu A, 85 kwa B na 48 kwa C, dakika mbili zilizobaki azitumie kukagua namba yake. Aliyechelewa dakika 20 bado ana mtihani mzima mbele yake, ilimradi asizimalize dakika nyingine 10 kwa kulalamika na kuhema.

Na yule wa saa 2:31? Kwake radhi bado ni ya lazima, lakini ombi libadilike. Asiombe kuingia kwa nguvu ya machozi, wala asimtaje mkubwa anayefahamiana naye. Aseme: "Mwalimu, naomba radhi, najua muda umepita. Naomba ifahamike kwamba nilifika, na naomba unielekeze nifanye nini kwa mitihani iliyobaki." Kukosa karatasi moja hakumzuii kufanya masomo mengine. Nimeona watahiniwa waliokata tamaa kwa karatasi moja ya asubuhi wakaacha na ya mchana, na hiyo ndiyo hasara ya kweli. Somo lililokosekana, mtahiniwa wa kujitegemea anaweza kujisajili tena kulifanya mwaka unaofuata.

Chuoni, njia inayobaki ni ya maandishi. Vyuo vina utaratibu wa mtihani maalumu kwa aliyekosa mtihani kwa sababu nzito inayokubalika, lakini anayeamua si msimamizi wa chumba. Nenda siku hiyo hiyo kwa mkuu wa idara au ofisi ya mitihani ukiwa na barua fupi na ushahidi: cheti cha daktari kama uliugua, namba ya taarifa ya polisi kama ilikuwa ajali. Foleni ya magari haina cheti, na kwa kawaida haikubaliwi. Anayekwenda baada ya wiki mbili huulizwa alikuwa wapi muda wote huo, na jibu zuri ni gumu kulipata.

Wazazi na walimu, wafundisheni watoto maneno haya kabla ya wiki ya mitihani, kama mnavyowakumbusha kalamu na rula. Nawe mtahiniwa, kesho ukichelewa, usirudi nyumbani kwa aibu. Fika mlangoni, salimu, omba radhi, toa namba yako, omba kuingia kwa muda uliobaki. Ikiwa nusu saa haijapita, kiti chako bado kipo.